Nani Hufa Mapema, Nani Hufa Uzeeni: Vidokezo vya Ripoti ya Jedwali la Uhai

Ripoti nyingi za jedwali la uhai zinafanana kama mapacha. Kuna michoro mitatu iliyonakiliwa kitabuni, mmoja umetuna, mmoja umenyooka, mmoja umebonyea, halafu chini yake sentensi moja: "Data zetu zinafuata aina ya tatu." Kwa nini aina ya tatu? Kwa sababu mstari unaonekana kubonyea. Hapo ndipo alama zinapopotea. Vidokezo hivi ni kwa mwanafunzi wa Kidato cha Tano au cha Sita pale Kifanya, Njombe mjini au Makambako, ambaye maabara yake haina vifaa vya kutisha lakini ina macho, daftari na duka la soda jirani.

1. Tafuta makundi matatu yaliyo karibu nawe

Kusudi la zoezi ni kulinganisha mifumo mitatu ya vifo: vinavyowahi, visivyojali umri, na vinavyosubiri uzee. Kila mfumo una kundi lake linalopatikana bila gharama kubwa.

Kwa vifo visivyojali umri, okota vizibo vya soda. Viweke 200 kwenye ndoo, tikisa, mwaga mezani. Kilichoangukia uso kimekufa, kitoe. Kilichobaki kirudishe ndooni, umwage tena. Kila mmwago ni "mwaka" mmoja. Kizibo hakizeeki wala hakikomai, kwa hiyo hatari yake ya kufa ni ileile kila mara. Usisumbuke kama hatari hiyo si nusu kwa nusu. Kizibo hakina pande mbili zinazolingana kama sarafu, na wala hatuhitaji nusu. Tunachohitaji ni hatari isiyobadilika.

Kwa vifo vinavyowahi, nenda kwenye mparachichi. Mkoa wa Njombe umejaa miti hiyo, na mkulima yeyote atakuambia kwamba maua ni mengi mno na matunda machanga hupukutika ovyo wiki za mwanzo. Funga uzi wa rangi kwenye vikonyo vya matunda machanga yaliyoshika wakati mmoja, kisha yahesabu kila wiki, siku ileile.

Kwa vifo vya uzeeni utahitaji data za watu wengine, maana huwezi kumsubiri mnyama azeeke kabla ya mtihani wa taifa. Nitakupa za kondoo mwitu hapo mbele.

2. Safu nne zinatosha

Jedwali la uhai linatisha kwa herufi zake, lakini kazi yake ni hesabu ya darasa la sita. Safu ya kwanza ni umri, `x`. Ya pili ni idadi ya walio hai mwanzoni mwa kila kipindi. Ya tatu ni `lx`, yaani walio hai hao wakigeuzwa kana kwamba mlianza na 1,000, ili kundi la vizibo 200 na kundi la matunda 250 yalinganishwe kwa haki. Ya nne ni `qx`: kati ya walioingia kipindi hiki wakiwa hai, ni sehemu gani waliokufa kabla hakijaisha?

Kama mna kompyuta na umeme upo, umri ukiwa safu ya A na walio hai wakiwa safu ya B kuanzia mstari wa pili, fomula ni hizi, ya E ikiwa ya logi utakayoihitaji kwenye kidokezo cha nne:

```
C2:  =B2/$B$2*1000
D2:  =IF(B3="","",(B2-B3)/B2)
E2:  =LOG10(C2)
```

Kama umeme haupo, kikokotoo cha mfukoni kinafanya kazi ileile. Safu ya `dx`, yaani idadi ya waliokufa, wengi huiongeza. Iongeze ukitaka, ila usiiamini peke yake. Sababu inafuata.

3. Usisome vifo, soma hatari

Hiki ndicho kidokezo ambacho ningekibakisha kama vingine vyote vingefutwa. Tazama kundi la vizibo. Namba hizi ni za mfano, lakini ndizo za aina utakayoipata:

| Mmwago | Walio hai | Waliokufa | `lx` | `qx` |
|---|---|---|---|---|
| 0 | 200 | 82 | 1,000 | 0.41 |
| 1 | 118 | 47 | 590 | 0.40 |
| 2 | 71 | 31 | 355 | 0.44 |
| 3 | 40 | 15 | 200 | 0.38 |
| 4 | 25 | 11 | 125 | 0.44 |
| 5 | 14 | 5 | 70 | 0.36 |
| 6 | 9 | 5 | 45 | 0.56 |
| 7 | 4 | – | 20 | – |

Soma safu ya waliokufa: 82, 47, 31, 15. Mtu mwenye haraka ataandika kwamba vizibo hufa zaidi vikiwa vichanga. Lakini tunajua si kweli, maana kizibo hakina uchanga. Vifo vimepungua kwa sababu waliobaki wa kufa wamepungua. Safu ya `qx` ndiyo inayosema ukweli: inachezacheza kwenye 0.4, haipandi wala haishuki.

Sasa weka parachichi kando yake. Tuseme mlianza na matunda machanga 250, na kila wiki mkayakuta hivi: 250, 110, 55, 33, 26, 24, 23, 22. Hatari ya wiki ya kwanza ni 0.56, ya pili 0.50, ya tatu 0.40, ya nne 0.21, kisha inaporomoka hadi karibu 0.08 na kubaki kwenye 0.04. Hapo kweli kuna vifo vya mapema. Ukiiangalia safu ya waliokufa tu, vizibo na parachichi vinafanana: vyote vinaanza na vifo vingi na kumalizia na vichache. Ukiiangalia `qx`, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Kwa hiyo kanuni ya ripoti ni fupi. Hatari ikishuka kadiri umri unavyoongezeka, vifo vinawahi. Ikikaa palepale, ni vya kudumu. Ikipanda, ni vya uzeeni. Umbo la mstari ni matokeo ya hayo tu.

4. Mhimili wa wima uwe wa logi, la sivyo mchoro utakudanganya

Chora `lx` ya vizibo kwenye karatasi ya kawaida ya grafu na utapata mstari uliobonyea, unaofanana sana na wa parachichi. Chora logi zake na unanyooka: 3.00, 2.77, 2.55, 2.30, 2.10, 1.85. Kila hatua inashuka kwa takribani kiasi kilekile, kwa sababu kupoteza asilimia 40 kila mara ni kushuka kwa kipimo kilekile cha logi, uwe umebaki na vizibo 100 au 10.

Logi za parachichi ni 3.00, 2.64, 2.34, 2.12, 2.02, 1.98, 1.96, 1.94. Mstari unaanguka kwa kasi kisha unalala. Huo ndio mbonyeo halisi, ule unaobaki hata baada ya logi.

Kwa mkono, nunua karatasi ya grafu ya nusu logi ukiipata. Ukiikosa, kokotoa logi na uzichore kwenye karatasi ya kawaida. Andika wazi chini ya mchoro kwamba mhimili ni wa logi. Na kumbuka kwamba logi ya sifuri haipo. Kundi likiisha lote, mstari unakoma kwenye nukta ya mwisho yenye walio hai. Usiuburute hadi chini kwenye mhimili.

5. Kondoo wa Alaska hawafuati kitabu, na hilo ni jema

Mfano wa vifo vya uzeeni unaorudiwa vitabuni unatokana na kazi ya Adolph Murie, aliyekusanya mafuvu ya kondoo mwitu katika eneo la Mlima McKinley, Alaska. Umri wa kondoo husomeka kwenye pete za pembe. Mwaka 1947 Edward Deevey aliyapanga mafuvu 608 katika jedwali la uhai, na jedwali hilo likawa maarufu.

Ukianza na kondoo 1,000, baada ya mwaka mmoja wamebaki 801. Baada ya mwaka wa pili ni 789, wa tatu 776, wa nne 764. Wanaofikisha miaka minane ni 571, tisa 439, kumi 252, kumi na moja 96, na kumi na mbili ni 6.

Sasa kokotoa hatari. Mwaka wa kwanza ni 0.20. Mwaka wa pili inashuka hadi 0.015, yaani kondoo mmoja na nusu kwa kila mia. Inabaki chini kwa miaka kadhaa, halafu kati ya miaka minane na tisa ni 0.23, inayofuata 0.43, kisha 0.62, kisha 0.94. Wanasema huu ni mfano bora wa vifo vya uzeeni, na hata hivyo mwana-kondoo mmoja kati ya watano hakufikisha mwaka.

Ndiyo maana ripoti isiseme tu "aina ya kwanza". Iseme: hatari ni kubwa mwaka wa kwanza, ndogo sana katikati, na inapanda kwa kasi baada ya mwaka wa nane. Wakati mwingine umri wa kuishi unaotarajiwa huonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Kondoo anayezaliwa anatarajia takribani miaka 7.1, aliyefikisha mwaka mmoja anatarajia miaka 7.7 mingine. Ameishi mwaka mzima na bado akiba imeongezeka, kwa sababu amevuka mlango mbaya. Kwa vizibo, ukiendelea kumwaga mpaka viishe, matarajio ni kama mimwago 1.9 mwanzoni na 1.9 baada ya mmwago mmoja. Kizibo kilichonusurika hakijafaidi chochote.

6. Uliza ni maiti gani hazikuonekana

Fuvu la mwana-kondoo ni laini, dogo, na huliwa au huoza kabla mtafiti hajapita. Kwa hiyo ile 0.20 huenda ni ndogo kuliko hali halisi. Serengeti kuna tatizo lilelile. Anthony Sinclair, aliyechapisha kitabu chake kuhusu nyati wa Afrika mwaka 1977, alitumia mafuvu yaliyookotwa mbugani na kuyapima umri kwa meno. Fisi hawaachi fuvu la ndama kwa ajili ya sayansi, kwa hiyo vifo vya ndama havikadiriki kwa mafuvu peke yake. Inabidi kuhesabu ndama walio hai ndani ya makundi na kuona wanavyopungua.

Kosa hili lina mwelekeo mmoja: kukosa maiti za wachanga hufanya mstari wowote uonekane wa vifo vya uzeeni zaidi kuliko ulivyo. Ripoti inayoutaja mwelekeo huo ina thamani kuliko inayosema tu "kunaweza kuwa na makosa".

Data za mafuvu zina sharti jingine. Hapa hukulifuata kundi rika moja tangu kuzaliwa kama ulivyofanya kwa parachichi. Umekusanya waliokufa wa vizazi tofauti na kuwafanya kama kundi moja. Hilo linakubalika tu kama idadi ya wanyama haikuwa ikikua wala kupungua sana. Kundi linalokua lina vijana wengi, kwa hiyo litatoa maiti nyingi za vijana hata kama hatari yao si kubwa.

Baadhi ya madarasa hutumia tarehe za makaburini. Ukiruhusiwa na wenye eneo, na ukienda kwa adabu, ni zoezi zuri, lakini tahadhari hizo zote zinakuhusu. Makaburi ya watoto wachanga mara nyingi hayana maandishi. Tena, Njombe utaona nundu ya vifo vya watu wa makamo: utafiti wa kitaifa wa 2016–17 uliukuta mkoa huu na kiwango cha juu kuliko mikoa yote Tanzania cha maambukizi ya VVU, asilimia 11.4 ya watu wa miaka 15 na zaidi. Kabla dawa za kufubaza hazijaenea, ugonjwa huo uliwachukua watu katika umri ambao kwenye mchoro wa kitabuni hatari huwa ndogo. Basi tenga waliozaliwa miongo tofauti, wala usiandike majina daftarini.

7. Usiishangilie namba inayotokana na watu wachache

Rudi kwenye jedwali la vizibo. Mmwago wa sita una hatari ya 0.56. Je, vizibo vimeanza kuzeeka? Hapana, vilikuwa tisa tu. Kipimo rahisi cha mtikisiko ni kipeuo cha pili cha `q(1-q)/n`. Kwa hatari ya 0.41 na vizibo 200, jibu ni kama 0.03. Kwa vizibo tisa ni kama 0.16. Kwa hiyo 0.56 iko ndani ya mtikisiko wa kawaida, na mstari wa logi unaopinda mwishoni haumaanishi kitu. Mimi huwaambia wanafunzi wachore mstari mzito mpaka pale walio hai wanapofikia 20, kisha waendelee kwa nukta nukta. Namba hiyo 20 si sheria, ni busara tu.

8. Tunda lililochumwa halijafa, na lililobaki pia halijafa

Shamba si ndoo ya vizibo. Mvua ya mawe ikipiga wiki ya tano, hatari itaruka juu, na sababu si umri wa tunda. Tumbili akipita, au mdogo wako akachuma matatu ya kuchezea, hayo si mapukutiko. Andika kila tukio kwa tarehe. Tunda lililopotea kwa sababu isiyohusika litoe kwenye hesabu kuanzia wiki hiyo, usilitie kwenye waliokufa. Okota pia yaliyoanguka chini ya matawi yenye nyuzi uone kama kikonyo kimejikata chenyewe au kuna jeraha la mdudu.

Na wiki ya saba ilipokwisha, matunda 22 yalikuwa bado mtini. Hujui yataishi mpaka lini, kwa hiyo usikokotoe umri wa kuishi unaotarajiwa kana kwamba yalidondoka siku ile mliyofunga daftari. Sema tu kwamba kati ya kila matunda machanga 1,000, 88 yalifika wiki ya saba.

9. Kushuka kwa hatari si lazima kuwe kukomaa

Kwenye mjadala, karibu kila mtu ataandika kwamba tunda likikua linakuwa imara, ndiyo maana haliporomoki tena. Huenda. Lakini jaribu hili kwa hesabu. Chukua vizibo 100 "dhaifu" vyenye hatari ya 0.8 na 100 "imara" vyenye hatari ya 0.1, uvichanganye. Baada ya mmwago mmoja watarajie kubaki 20 na 90, jumla 110: hatari ya kundi ni 0.45. Mmwago wa pili wanabaki 4 na 81, jumla 85: hatari ni 0.23. Wa tatu inakaribia 0.13.

Hatari ya kundi imeshuka vizuri kabisa kama ya parachichi, na hakuna kizibo hata kimoja kilichobadilika. Dhaifu wamekwisha, basi. Matunda machanga nayo hayafanani: mengine hayakuchavushwa sawasawa, mengine yapo kwenye tawi lisilo na chakula cha kutosha. Mstari peke yake hauwezi kukuambia lipi kati ya mawili limetokea. Kulijua kunahitaji kugawa matunda mapema, kwa mfano kwa ukubwa wa siku ya kwanza au kwa tawi, na kutengeneza jedwali la kila kundi. Kama hatari inashuka ndani ya kila kundi pia, hoja ya kukomaa inapata nguvu.

10. "Hatari isiyobadilika" ichukuliwe kama dhana ya kupimwa

Mbu ndiye mfano unaotuhusu. Hesabu za malaria kwa miaka mingi zimechukulia kwamba mbu jike ana uwezekano uleule wa kuiona kesho, awe na umri wowote. Uwezekano huo ukiwa 0.9 kwa siku, mbu 35 katika 100 wataishi siku kumi, muda ambao kimelea hukaribia kukomaa kwenye joto la pwani. Ukiwa 0.8 wanabaki 11 tu. Tofauti ndogo ya kila siku inakuwa kubwa sana kwa anayeumwa.

M. T. Gillies na T. J. Wilkes walichapisha mwaka 1965 utafiti wa umri wa mbu wa kaskazini mashariki mwa Tanzania, waliousoma kwa kuhesabu alama zinazobaki kwenye ovari kila mbu anapotaga. Data za aina hiyo zilipochambuliwa upya mwaka 1981 na A. N. Clements na G. D. Paterson, ilionekana kwamba kwa mbu wengi hatari hupanda na umri. Mstari ulionyooka ulikuwa makadirio ya kazi. Ukikuta kiumbe hai mwenye mstari ulionyooka kama vizibo, pima tena `qx` ya wazee kabla ya kukubali.

11. Sentensi ya matokeo iandikwe hivi

Weka mistari yote mitatu kwenye mchoro mmoja, lakini mhimili wa umri uwe wa asilimia ya muda wote uliofuatiliwa, maana mmwago, wiki na mwaka havilinganishiki. Kisha andika kwa namba: "Hatari ya vizibo ilibaki kati ya 0.36 na 0.44 mpaka walio hai walipopungua chini ya 14. Ya parachichi ilishuka kutoka 0.56 hadi 0.04 ndani ya wiki saba. Ya kondoo ilikuwa 0.20 mwaka wa kwanza, 0.015 mwaka wa pili, na 0.94 kati ya mwaka wa kumi na moja na wa kumi na mbili." Majina ya aina ya kwanza, ya pili na ya tatu yaje baada ya sentensi hiyo, kwenye mabano kama ukipenda.